Shilingi 88,000 za Mama Neema

Mkutano wa 35 ulifanyika Jumatano ya mwanzoni mwa Septemba, chini ya mkwaju ulio nyuma ya ofisi ya kitongoji chetu, huku Chamwino. Nilikuwa katibu wa kikundi. Ilikuwa siku ya mikopo, na siku hiyo nilisoma deni la kila mwanachama kabla marejesho hayajaanza. Nilipofika kwake nikasoma, "Mama Neema, salio lako shilingi 96,600."

Akasimama taratibu, akajifunga khanga vizuri. "Dada katibu, soma tena."

Nikasoma tena.

"Mimi deni nililimaliza mkutano uliopita wa mikopo. Nilitoa elfu themanini na nne hapa hapa, mbele yenu. Na kabla ya hapo nilitoa elfu themanini na nane. Hizo mmezipeleka wapi?"

Nasimulia jambo hili kila ninapofundisha kikundi kipya, kwa sababu nimegundua kwamba watu wanaoanza kuweka na kukopa hutumia muda mwingi kubishana juu ya kiasi cha hisa na asilimia ya riba, halafu namna ya kuandika fedha wanamwachia katibu ajue mwenyewe. Sisi ndivyo tulivyofanya. Katiba yetu, ile tuliyoipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii ili kikundi kisajiliwe halmashauri kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu kazi yangu: "Katibu atatunza kumbukumbu zote." Kuhusu ugomvi ilisema, "Migogoro itatatuliwa kwa amani." Mistari yote miwili tuliinakili kwenye katiba ya kikundi kingine, na siku ile haikutusaidia chochote.

Kwanza nieleze tulivyokuwa tukifanya kazi. Tulikuwa wanachama 24, tunakutana kila wiki. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na mtu aliweza kununua kuanzia moja hadi tano kwa mkutano. Mikopo tulitoa kila mkutano wa nne, isiyozidi mara tatu ya hisa za mkopaji, na aliyekopa alirejesha ndani ya miezi mitatu. Riba ilikuwa asilimia 5 ya deni lililobaki, inalipwa kila siku ya mikopo. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu ambao si viongozi. Tulianza mzunguko katikati ya Januari, na tulipanga kugawana Desemba, kabla watu hawajaanza kutafuta mbegu na sare za shule.

Mama Neema alikopa shilingi 200,000 mkutano wa 19, mwezi wa tano, wakati alizeti inaanza kutoka shambani. Alinunua magunia kwa majirani na kuyapeleka kwenye mashine ya kukamua. Mkutano wa 23 alileta 50,000: riba 10,000, na 40,000 ikapunguza deni likabaki 160,000. Hapo hapakuwa na ubishi, yeye na daftari walikubaliana. Ubishi ulianzia mkutano wa 27. Yeye alisema siku hiyo alileta 88,000, yaani riba 8,000 na deni 80,000, akabakiwa na 80,000. Kwa hiyo mkutano wa 31 akaleta 84,000, riba 4,000 na deni lote, akaenda nyumbani akiwa huru.

Daftari langu lilisema vingine. Kwenye ukurasa wake mkutano wa 27 ulikuwa mtupu. Deni lilibaki 160,000 na riba ya 8,000 haikulipwa. Mkutano wa 31 ikaongezeka riba nyingine ya 8,000, jumla 176,000. Akatoa 84,000, ikabaki 92,000. Mkutano wa 35 riba ya 4,600 ikapanda juu yake, ndiyo ile 96,600 niliyoisoma.

Kitabu chake cha mwanachama hakikuwa na muhuri wa mkutano wa 27. Alikuwa amekichukua nyumbani kumwonyesha mumewe, na siku ile ya Julai akakisahau. Vitabu kwa utaratibu hukaa ndani ya sanduku. Mimi ndiye niliyemruhusu akichukue, kwa sababu aliniomba vizuri na sikuona ubaya.

Mumewe alikuja jioni ile nyumbani kwetu. Hakupiga kelele, na kimya chake kiliniumiza kuliko kelele. Alisema, "Shemeji, mke wangu si mwongo. Kama kuna shida ya fedha kwako, sema tujue." Sikulala. Nilijua sikuchukua hata shilingi, lakini sikuwa na namna ya kulionyesha jambo hilo.

Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wa kikundi cha kitongoji jirani. Mwenyekiti wetu alimwita. Babu yule alipofika aliuliza jambo la kwanza: "Daftari liko kwa nani?" Nikasema liko kwangu. Akasema, "Mpe mwenyekiti. Wewe unatuhumiwa, kwa hiyo hutalishika wala hutalisoma mpaka tumalize. Ni kwa heshima yako mwenyewe." Leo hii hiyo ni kanuni ya kwanza ninayofundisha kuhusu ugomvi. Katibu akilisomea mwenyewe daftari linalomtuhumu, hata akisoma ukweli mtupu hataaminika.

Tulikaa watu wachache: mwalimu, mtu mmoja aliyechaguliwa na Mama Neema, mmoja niliyemchagua mimi, na mmoja wa wahesabu fedha wawili wa mkutano wa 27. Mwenzake alikuwa amesafiri. Mwalimu alimuuliza Mama Neema peke yake, kisha akamuuliza mhesabu fedha peke yake: fedha zilikuwa noti gani, nani alikaa jirani, nini kilifuata. Mama Neema alisema noti za elfu kumi nane, elfu tano moja, na elfu moja tatu. Mhesabu hakukumbuka noti. Alikumbuka tu kwamba siku hiyo fedha zilikuwa nyingi na waombaji watatu wa mikopo wote walipata. Mwalimu akaliandika hilo la pili na kulipigia mstari. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Kisha akafungua ukurasa wa sanduku, ule ambao katibu huandika fedha zote za mkutano mmoja kwa jumla. Akatuambia jambo ambalo sitalisahau: kabla ya kumtafuta mwizi, uliza sanduku kama liliibiwa.

Ukurasa wa mkutano wa 27 ulikuwa hivi. Sanduku lilifunguliwa likiwa na 184,500, kiasi ambacho wanachama walikitaja kwa sauti kabla ya kufuli kufunguliwa, kama tulivyozoea. Hisa zilizouzwa zilikuwa 61, ambazo ni 122,000. Faini 1,500. Marejesho ya mikopo 310,000. Jumla 618,000. Wakopaji watatu walichukua 550,000, kila mmoja ameweka sahihi au dole gumba. Likafungwa na 68,000, na mkutano wa 28 likafunguliwa na 68,000 hizo hizo.

"Sasa," akasema mwalimu, "tufanye Mama Neema hakuleta kitu. Toeni 88,000."

Tukatoa. Ikabaki 530,000.

"Mlikopesha ngapi?"

Hapo nikaelewa kwa nini alipigia mstari maneno ya mhesabu. Hatukuweza kukopesha 550,000 kutoka kwenye 530,000. Wakopaji watatu walizichukua fedha zile mikononi mwao na sahihi zao zipo. Kwa hiyo 88,000 ziliingia mezani, na ziliandikwa, kwa sababu bila hizo jumla ya marejesho isingefika 310,000. Fedha hazikuibiwa, na wala Mama Neema hakudanganya. Zilikuwa zimeandikwa kwenye jina la mtu mwingine.

Kutambua tofauti hiyo kunaokoa vikundi. Sanduku likipungua, yaani fedha zilizohesabiwa ni chache kuliko zilizoandikwa, unatafuta fedha. Sanduku likiwa sawasawa na mtu bado analalamika kwamba alilipa mezani, acha kutafuta fedha, tafuta ukurasa. Sisi kwa usiku mzima tulikuwa tunatafuta fedha ambazo hazikupotea.

Mwalimu akasoma marejesho ya siku ile moja baada ya jingine. Yalikuwa manne. La pili lilisomeka "Mama Neema, 88,000", nami nilikuwa nimelihamishia kwenye ukurasa wa Mama Neema wa bondeni. Tulikuwa na akina Mama Neema wawili. Mmoja anakaa juu, karibu na kanisa, ndiye huyu. Mwingine anakaa bondeni, naye alikuwa na deni la 100,000. Katika mkutano niliandika jina tu, na usiku nilipohamisha kwenye kurasa za mikopo nikiwa na taa ya simu, nikafungua ukurasa usio wake.

Lakini hata hapo mwalimu hakuridhika. Alisema jina kwenye orodha linaweza kuwa la yeyote kati ya hao wawili, na mimi mwenyewe nikisema "nakumbuka ni wa juu" si ushahidi. Akaomba daftari la mahudhurio. Mkutano wa 27, Mama Neema wa bondeni: hayupo, ana ruhusa, msiba Kongwa. Hisa zake mbili zililetwa na binti yake. Binti akaitwa. Akasema mama alimpa 4,000 za hisa, basi.

Huwa nawaambia ninaowafundisha kwamba daftari la mahudhurio si la faini peke yake. Siku ile kurasa zake mbili zilizochakaa ndizo zilizonisafisha mimi na kumsafisha Mama Neema.

Wa bondeni naye alihitaji kutendewa haki, kwa sababu watu walianza kumnong'ona. Mkutano wa 31 alikuwa ameambiwa deni lake limebaki 17,000 na riba 850, akalipa 17,850 bila kuuliza. Kwa nini hakushangaa? Mumewe anafanya kazi ya ujenzi Dodoma mjini, na alikuwa ameahidi kumtuma mtu alete fedha kwenye kikundi. Aliposikia deni limeshuka, mama yule aliamini mume ametimiza ahadi, akampigia simu kumshukuru. Mume akapokea shukrani. Hilo sitalizungumza zaidi, ni la nyumbani kwao.

Kusahihisha kulihitaji hesabu na busara. Kwa Mama Neema wa juu ilikuwa rahisi: alimaliza mkutano wa 31, deni sifuri, na ile 96,600 yote ikafutwa. Kwa wa bondeni, baadhi ya wanachama walitaka alipe riba zote za miezi iliyopita. Wengine wakasema kosa ni la kikundi. Mwisho tulikubaliana kwamba riba ya mkutano wa 27, shilingi 5,000, ilikuwa halali kwa sababu siku hiyo kweli alikuwa na deni na hakulipa. Za baada ya hapo hatukumtoza, maana sisi ndio tuliomwambia deni limekwisha. Basi 100,000 na 5,000, toa 17,850 alizokwisha kulipa, likabaki 87,150, akapewa mikutano miwili ya mikopo kulimaliza bila riba.

Mtu akiweka pembeni 96,600 tuliyofuta na 87,150 tuliyoandika upya, ataona 9,450 haipo tena. Mweka hazina aliogopa, akadhani sasa ndiyo fedha imepotea. Haikupotea. 8,600 ilikuwa riba iliyopandishwa juu ya deni ambalo mama wa juu hakuwa nalo, na 850 ni ile riba ya 17,000 ambayo sasa tuliihesabu kama sehemu ya malipo ya deni. Ilikuwa faida ya kwenye karatasi tu. Kama tusingegundua kosa, Desemba tungepanga kugawana faida ambayo hakuna aliyeileta.

Masahihisho hatukuyafanya kwa kufuta. Mwalimu alikataza kabisa kifutio na kuchana ukurasa. Tulipiga mstari mmoja juu ya maandishi ya zamani ili yaendelee kusomeka, tukaandika mapya kwa wino mwekundu, na pembeni wakasaini mwenyekiti, Mama Neema wote wawili na mimi. Ukurasa huo tukausoma mkutano wa 36 mbele ya wote, na mume wa Mama Neema wa juu tulimwalika aje asikie. Alisikiliza mpaka mwisho, akanijia, akasema, "Shemeji, nilikosea kuja kwako usiku." Nikamwambia mimi ndiye niliyeanza kukosea.

Baada ya hapo tuliandika upya sehemu mbili za katiba. Sehemu ya kumbukumbu sasa inaeleza mikono inavyofanya kazi. Kila mwanachama ana namba, na tunakaa kwa mpangilio wa namba. Anayerejesha anataja namba yake kwanza, jina baadaye. Anaweka fedha mezani, wahesabu wawili wanahesabu na kutaja kiasi kwa sauti. Katibu anaandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa mkopo wa namba hiyo, pale pale mezani, hakuna kuhamisha usiku. Kisha anasoma salio jipya, na mwanachama mwenyewe analirudia kwa kinywa chake. Jirani zake wawili, wa namba iliyotangulia na inayofuata, wana wajibu wa kulikumbuka mpaka mkutano ujao wa mikopo.

Hilo la kurudia salio ndilo tulilolikosa zaidi. Mkutano wa 31 ulikuwa siku ya mnada, watu walitaka kuwahi, nikapokea 84,000 za Mama Neema nikasema tu "asante". Ningesema "umebakiwa na 92,000", angeruka pale pale, kosa likiwa na wiki nne na kila mtu anakumbuka. Kukumbuka kwa kichwa watu wengine hukudharau, wakidhani ni kwa wasiojua kusoma. Njia hii ya kuweka na kukopa ilianza Niger mwaka 1991 katika vikundi vya akina mama ambao wengi wao hawakusoma, na hesabu zao walizibeba kichwani bila daftari. Sisi tuna daftari, lakini daftari linaandikwa na mtu mmoja aliyechoka. Vichwa 24 ni ulinzi mwingine.

Sehemu ya migogoro nayo inasema hatua. Mlalamikaji anasema mbele ya mkutano mara moja, kisha mjadala unafungwa. Watu watatu, mmoja wa kila upande na mmoja wa nje ya kikundi, wanapewa siku 7 kusoma ukurasa wa sanduku, ukurasa wa mkopo, kitabu cha mwanachama na mahudhurio, kwa mpangilio huo. Wanaleta majibu kwenye mkutano. Asiyeridhika anakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akiwa na nakala ya waliyoyaona. Katika siku hizo 7 hakuna kutajana kwa jina la wizi, na hakuna riba inayopanda kwenye deni linalobishaniwa.

Lazima niseme pia pale njia hii inapogota. Mwaka uliofuata kijana wetu mmoja wa bodaboda alisema alimpa mweka hazina 30,000 barabarani, katikati ya wiki, kwa sababu asingehudhuria. Mweka hazina alikumbuka 20,000 na ndizo alizoleta. Tulifungua ukurasa wa sanduku, likawa sawa kabisa. Lakini hapa usawa ule haukutuambia chochote, kwa sababu sanduku linajua tu fedha zilizopita mezani. Kama kweli kulikuwa na 10,000 nyingine, ilipotea kabla ya kufika. Hatukuwa na shahidi, wala noti, wala ujumbe. Tulimwandikia 20,000 na deni la 10,000 akalilipa kwa uchungu. Alipogawiwa Desemba, hakurudi. Mpaka leo sijui nani alisema kweli, na ninapokutana naye stendi namsalimu kwa moyo mzito.

Tangu hapo fedha iliyokabidhiwa nje ya mkutano haihesabiki kuwa imelipwa. Asiyeweza kuja anamtuma mtu aje nayo mezani, au anatuma kwa simu na ujumbe wa muamala unasomwa mkutanoni na mweka hazina akiwa amekwisha kuitoa fedha taslimu, gharama ya kutoa ikiwa juu ya aliyetuma. Watu walilalamikia gharama hiyo. Hatukuilegeza.

Mama Neema wa bondeni alimaliza deni mkutano wa 43. Alitaja namba yake, "Kumi na saba", akaweka noti mezani, wahesabu wakahesabu. Nikaandika, nikasoma, "Namba 17, salio sifuri." Akarudia, "Namba 17, sifuri." Na kabla sijapiga muhuri, namba 16 na namba 18 nao wakasema, "Sifuri."